Kopo la Wageni

Mtaani walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwa na mtoto aliyeitwa Pasi wala mtoto mwingine yeyote. Alikuwa anapiga pasi, basi. Nguo za walimu, za makarani, sare za walinzi, mashuka ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya barabara kuu, zote zilipita mikononi mwake na kutoka zimenyooka kama karatasi mpya. Suruali iliyopigwa pasi na Mama Pasi, ukipenda unaweza kukata mkate kwa mkunjo wake. Hayo aliyasema mwenyewe, na kwa sababu alikuwa hana mpinzani, hakuna aliyemkatalia.

Kazi aliifanyia sebuleni. Meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, bakuli la maji, na kitambaa kibichi cha kuweka juu ya suruali nzito kabla ya kuikandamiza. Kitambaa kile kikiguswa na pasi kilitoa mvuke ambao ulipanda hadi darini, na kufikia saa nne asubuhi kioo cha kabati lililokuwa nyuma yake kilikuwa kimelowa, unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Juu kabisa ya kabati hilo, nyuma ya sahani za maua, ndipo lilipokaa kopo la maziwa ya unga.

Kwenye kona, kando ya dirisha, aliketi mama mkwe wake. Kikongwe kidogo chenye macho makali na nyonga mbovu, aliyehamia hapo baada ya kuanguka bafuni na kufanyiwa upasuaji. Mume wa Mama Pasi, yaani mwana wa kikongwe, alikuwa ameshafariki miaka minne kabla ya hapo. Watu walishangaa: mwana hayupo, mkwe anamlea mama wa nini? Mama Pasi alichojua ni kwamba bila kikongwe yule nyumba ile ingekuwa na sauti ya pasi peke yake. Kikongwe alikuwa akimsaidia kupanga vifungo vilivyong'oka, akimsimulia kasoro za marehemu hadi wanacheka wote wawili mpaka machozi, na akimkosoa: "Kola hiyo imekwenda upande, mwanangu. Au umelewa?"

Kopo la maziwa lililetwa na wifi yake, dada wa marehemu, siku ile ile alipomleta mama yake. Wifi huyo alikuwa mtunza stoo wa jiko la hospitali huko mji wa mbali, mwanamke wa kuhesabu magunia na kunusa kila kinachoingia mlangoni. Aliliweka kopo mezani, kubwa, zito, akasema, "Wifi, hili ni la mama. Daktari kasema mifupa. Kikombe kimoja kila asubuhi. Likiisha niambie tu."

Mama Pasi alilifungua asubuhi iliyofuata, akamkorogea mama kikombe kizuri chenye povu. Mama akanywa, akafuta mdomo, akasema maziwa yale ni matamu kuliko ya ng'ombe mwenyewe.

Na siku ya tatu akaja mgeni.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu Mama Pasi, na ukweli wenyewe haupendezi. Alikuwa mwoga wa wageni. Si kwamba aliwachukia, la. Aliwaogopa kama wanafunzi wanavyoogopa mtihani. Zamani, alipoolewa tu, walikuja watu wazima wa upande wa mume, naye akawapa chai ya rangi kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Mmoja wao, shangazi mwenye ulimi kama wembe, akaisukuma kando na kusema, "Ah, kumbe hapa tumekuja kunywa maji ya moto." Watu wakacheka. Mama Pasi alicheka nao, kisha akaenda jikoni akalia ndani ya kanga. Tangu siku hiyo akala kiapo: mgeni hatakosa maziwa nyumbani kwake, hata kama wenyeji watakunywa machozi.

Kwa hiyo mgeni yule wa siku ya tatu, mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua mashati, alipewa chai ya maziwa yenye rangi ya ngamia. Akasifu. Mama Pasi akajaa kifua. Alipotazama kopo akaona limeshuka kidogo, roho ikamruka. Akilini akajiambia, tukinywa kila siku litaisha, na akija mtu je? Akalipandisha juu ya kabati, nyuma ya sahani.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea mama chai ya rangi.

"Maziwa yameisha?" kikongwe aliuliza.

"Yameisha, mama. Tutapata mengine."

Neno lilimtoka hivyo tu, jepesi, na likishatoka hakujua namna ya kulirudisha. Kikongwe alisema "Haya," akachovya mkate wake. Hakuuliza tena, si siku hiyo wala miezi iliyofuata.

Wifi alipopiga simu kuulizia, Mama Pasi alisema, "Anakunywa, wifi. Kidogo kidogo." Mwezi wa pili: "Bado lipo." Mwezi wa nne: "Lipo, wifi, mama hana papara na maziwa." Mwezi wa sita wifi alinyamaza kwanza kwenye simu. Ulikuwa ukimya wa mtu anayepiga hesabu. Unamdanganya mtunza stoo kuhusu kopo? Mama Pasi alikuwa na mengi, lakini akili ya uongo alinyimwa.

Mwezi wa saba, asubuhi ya Jumamosi, simu ikalia.

"Wifi, niko kituo cha mabasi. Nimekuja kumwona mama."

"Karibu sana!" alisema Mama Pasi, na pasi ikabaki juu ya shati la mtu sekunde mbili zaidi ya inavyopaswa.

"Na nikwambie kabisa usije ukasema nimekuvizia. Nikiona mama hatunzwi, narudi naye leo leo. Nimeshaandaa chumba. Sina ugomvi na wewe, wifi, ila mama ni mama."

Simu ikakatika. Mama Pasi akachomoa pasi ukutani. Kikongwe alikuwa bado chumbani akijivalisha taratibu. Kutoka kituoni kwa miguu ni nusu saa, kwa pikipiki ni dakika kumi. Alipanda juu ya kiti, akatoa sahani za maua, akalishusha kopo. Mpango wake ulikuwa rahisi, na wa aibu: amwage nusu kwenye mfuko, ili kopo lionekane limetumika.

Alipolibandua kifuniko, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Haikuwa ya kuoza kama ya nyama, hapana. Ilikuwa harufu ya mafuta ya zamani, ya boksi lililokaa stoo, ya rangi ya ukuta. Ndani, unga haukuwa mweupe tena. Ulikuwa umegeuka manjano kama meno ya mvutaji. Alichoma kijiko, kikagota. Akachoma tena. Kopo zima lilikuwa limeshikana. Miezi saba ya mvuke wa pasi ilikuwa imepanda pale juu kila siku, ikapenya chini ya kifuniko ambacho hakikuwahi kukaa sawasawa tangu kilipofunguliwa, na zile mara nne tano alizolifungua kwa ajili ya wageni alichota kwa kijiko kilichotoka kukoroga chai, bado kina maji. Alikuwa ameyatunza maziwa mpaka akayaua.

Angeyatupa hapo hapo, tungemsifu. Hakuyatupa. Alichukua mchi wa kutwangia, akaponda. Madonge mengine yalivunjika vipande vipande vigumu kama chaki, mengine yaliruka mezani. Akachekecha kwa chujio la chai. Akapata vijiko vitano vya unga wa manjano. Akauchemsha kwenye sufuria pamoja na majani ya chai, akatia tangawizi, akaona haitoshi, akaongeza tangawizi nyingine, akatia sukari ya watu kumi. Alipoinama kunusa, tangawizi ilikuwepo, na chini yake, imetulia, ile harufu ya boksi. Moto haukuiondoa. Ndiyo kwanza uliipasha. Na juu ya chai vilielea vidonge vidogo visivyotaka kuyeyuka, hata alipovikandamiza kwa mgongo wa kijiko.

"Hodi!" sauti ikaita.

Wifi aliingia na mkoba mmoja na macho mawili yaliyoona kila kitu. Alimkumbatia mama yake aliyekuwa sasa ameketi kwenye kona yake, akamshika mikono, akamgeuza kucha, akamtazama miguu kama imevimba. Kikongwe alicheka. "Unanikagua kama gunia la mchele?"

"Nakukagua ndiyo, mama. Kazi yangu."

Mama Pasi alileta vikombe vitatu. Akaweka sinia chini haraka. Alimpa wifi, akampa mama, akajipa mwenyewe. Akaketi. Na hapo akafanya jambo ambalo baadaye lilimkosesha usingizi kuliko uongo wote wa miezi saba: alimtazama mama mkwe wake akiinua kikombe, akajua kilichomo, na hakusema neno.

Kikongwe alikunywa funda moja. Mdomo ulisita. Macho yake yalipanda polepole kutoka kwenye kikombe mpaka usoni kwa mkwewe, yakakaa pale. Kisha akameza, akanywa funda la pili, kubwa, kama mtu anayekunywa dawa mbele ya daktari.

Mama Pasi aliinuka kwa ghafla, kiti kikaanguka. "Mama, acha! Usinywe, mama, tafadhali."

Akamnyang'anya kikombe. Lakini wifi alikuwa ameshaonja chake. Aliteremsha kikombe, akasogeza ulimi mdomoni, akasema kwa utulivu wa kazini, "Haya maziwa yameharibika. Lete kopo."

Kopo likaletwa. Wifi alilikalisha magotini. Alinusa. Akachukua donge moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaliminya. Halikumeguka.

"Donge laini lingesagika hivi," alisema, bila kumtazama mtu. "Hilo halina neno sana. Hili limeingia unyevu, tena zamani. Na mafuta yake yamechacha. Kopo likishafunguliwa, wifi, ni mwezi mmoja, likikaa pakavu na limefungwa vizuri mwezi na siku kadhaa. Sisi hospitali likipita hapo, linatupwa hata kama limejaa." Akaliinamisha kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. "Na hili limejaa. Kwa nini limejaa?"

Mama Pasi alifungua kinywa. Aibu ilikuwa imempanda kutoka miguuni, ikampita kifuani, ikamjaa usoni hadi masikio yakawa ya moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na meza na nguo za watu.

"Limejaa kwa sababu mimi nilikataa," ilisema sauti ya kwenye kona.

Wote wawili wakageuka.

"Maziwa ya unga yananijaza gesi," kikongwe aliendelea, akikunja kanga yake magotini bila haraka. "Nilikunywa siku ya kwanza nikalala na tumbo kama ngoma. Nikamwambia huyu, usimwambie mwanangu, atasikitika, kayabeba mpaka huku. Sasa yeye amebeba uongo wangu miezi yote hii. Unamsuta bure."

Wifi alimtazama mama yake. Akamtazama wifi yake. Bega lake lililokuwa limepanda likashuka.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni hivyo. Na mimi nimekesha kwenye basi nakutukana moyoni." Akainuka, akamshika Mama Pasi mikono yote miwili. "Wifi, nisamehe. Nilikufikiria vibaya. Kaka yangu hayupo, huna deni na sisi, na bado unamlea mama. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza. Nisamehe, dada yangu."

Ingekuwa afadhali angemzaba kofi. Kofi Mama Pasi angelipokea, lilikuwa lake. Lakini kuombwa msamaha! Mikono ile ilikuwa ya joto na ilikuwa inamsifu kwa kitu ambacho hakukifanya, huku kikongwe aliyenyimwa akimtazama kutoka kwenye kona kwa macho ya kumwambia nyamaza, yameisha, nyamaza. Alikuwa ameokoka. Mama angebaki. Angefunga tu mdomo.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?"

"Mama hajakataa. Sikumpa." Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilimpa siku mbili, basi. Kisha nikamwambia yameisha. Nikayaweka juu ya kabati, yawe ya wageni. Akija mwalimu nampa, akija mwenye nyumba ya wageni nampa. Mama nampa chai ya rangi. Na leo uliposema unakuja, nikayaponda, nikayachemsha, nikampa anywe yakiwa mabovu, ili usinigundue. Ndivyo nilivyo, wifi. Usiniombe msamaha."

Nje mtoto wa mtu alikuwa anasukuma tairi. Wifi aliiachia mikono ya Mama Pasi, kwanza mmoja, kisha wa pili. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na begi la mama yake, likiwa wazi, likiwa na gauni moja tu ndani.

"Mama, tunaondoka."

Mama Pasi aliinamisha kichwa. Alianza kukusanya vikombe, kwa sababu mikono lazima ifanye kitu, na machozi yakawa yanadondoka kwenye sinia bila yeye kuyafuta.

"Tunaondoka kwenda wapi?" aliuliza kikongwe.

"Kwangu. Una chumba, una kitanda kipya, una dirisha. Maziwa utakunywa asubuhi na jioni. Hakuna wa kukuficha kitu."

"Na mchana uko kazini."

"Nitatafuta mtu wa kukaa na wewe."

Kikongwe aliguna. Alilitazama begi, akamtazama bintiye kwa huruma, kama vile bintiye ndiye mwenye nyonga mbovu.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Siku ya kwanza aliposema yameisha, nilijua anaongopa. Kopo nililiona, mimi si kipofu. Nilikasirika, nilikasirika kweli, wiki nzima. Nilisema moyoni, huyu angekuwa mwanangu wa kumzaa asingenifanyia hivi. Halafu nikaanza kumwangalia. Yeye mwenyewe hanywi. Hata siku moja. Anakunywa chai ya rangi ile ile, kwenye kikombe kilichomeguka sikio, na mimi pembeni yake. Nikasema, aha. Mgeni anawekewa. Mimi siwekewi." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Wewe kila nikija kwako unanitolea kikombe cha dhahabu na unanitandikia shuka ambalo hujalilalia. Siku tatu, nataka kurudi. Kwako mimi ni mgeni, mama. Hapa nagombezwa, nadanganywa, nanyimwa maziwa. Hapa ni kwangu."

Wifi alisimama na begi wazi mkononi. Mwishowe alilitua chini, akaketi pembezoni mwa meza ya pasi, akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu na halimpendezi mtu.

"Lakini maziwa utakunywa," alisema.

"Maziwa nitakunywa. Nani kasema sitaki maziwa? Nimeyataka miezi saba." Kikongwe akamgeukia mkwewe, na safari hii macho yake hayakuwa na mzaha. "Umeniumiza, binti. Usidhani sikuumia."

"Najua, mama."

"Hujui. Utajua ukifika umri wangu. Sasa nenda kalete maziwa, mdomo wangu una ladha ya boksi."

Mama Pasi alitoka kama alivyo. Blauzi ilikuwa imekunjamana, kanga imerowa kifuani, nywele hazijafungwa. Mtaa mzima ulikuwa haujawahi kumwona na mkunjo usio wa makusudi. Watu wawili walimsalimia wakageuka tena kumtazama. Alitembea katikati ya macho yao hadi dukani, akaomba pakiti mbili za maziwa freshi.

Muuza duka alizishusha kutoka kwenye friji, akatabasamu. Alimfahamu mteja wake.

"Leo una wageni, Mama Pasi?"

Alizipokea pakiti, baridi, akazikumbatia kifuani. Alitaka kusema ndiyo, jinsi alivyozoea kusema.

"Hapana," alisema. "Ni ya mama."